Vugiri Ilivyopotea Kwenye Ikisiri

Barua pepe ya waandaaji wa kongamano ilifika Jumatatu asubuhi, na daktari akaniita ofisini kwake kabla sijamaliza kunywa chai. Nilimkuta ameshaigeuza kompyuta ili skrini inielekee mimi. Hilo peke yake lilinishtua. Tangu nianze kufanya naye kazi pale Korogwe sikuwahi kumwona akimwonyesha mtu skrini yake.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, sista. Kaa hapo, usome."

Nilisoma. Ikisiri yetu, yaani ule muhtasari wa utafiti unaotangulia kila kitu, haikuwa imekataliwa, lakini kamati isingeipokea ilivyo. Tulitakiwa kuiandika upya chini ya vichwa vinne: usuli, mbinu, matokeo na hitimisho. Isizidi maneno mia tatu. Irudishwe kabla ya Ijumaa jioni.

"Utaiandika wewe," daktari alisema. "Una mkono mzuri wa kuandika. Maana usiibadilishe, wewe ipange tu."

"Nikikwama mahali?"

"Hutakwama. Kila kitu kimo humo humo. Na usihangaike kupigia watu simu."

Nilitoka na hayo maneno ya mwisho. Nani alikuwa ametaja simu?

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimezaliwa Handeni, nimekulia katika nyumba ambayo Kizigua ndicho kilichokuwa cha jikoni na cha shambani, na Kiswahili cha shule na sokoni. Baada ya miaka ya wodi ya wazazi nilirudi chuoni nikasomea afya ya jamii, nikaja kuajiriwa kwenye kikundi hiki kidogo cha utafiti kilichokuwa na vyumba viwili vya kupanga karibu na stendi ya Korogwe. Daktari ndiye aliyekuwa mtafiti mkuu, mtu mzima wa milimani, Msambaa, mwenye sauti ya chini na tabia ya kufunga mlango anapoongea na simu. Chini yake tulikuwa wanawake wawili. Mimi nilipewa Mazingara, kule Handeni, kwa sababu akina mama wa kule ningeongea nao kwa lugha yao. Mwenzangu, naye Msambaa, alipewa Vugiri, kule milimani.

Utafiti wenyewe haukuwa mgumu kuueleza. Wajawazito wengi huenda kliniki wakiwa wamechelewa, mimba imeshakua, na nafasi ya kugundua upungufu wa damu au shinikizo la juu la damu mapema inakuwa imepita. Wanatakiwa waanze kabla ya wiki ya kumi na mbili. Basi kule Mazingara tuliwafundisha wahudumu wa afya wa kujitolea wawe wanapita nyumba kwa nyumba, wakisikia kuna mama ana ujauzito mchanga wanamtembelea na kumhimiza. Vugiri hatukupeleka mhudumu hata mmoja. Ile ilikuwa kata ya kulinganishia: tuone mahali palipotembelewa na mahali pasipotembelewa panatofautiana vipi. Baadaye tukaenda kata zote mbili, tukawahoji akina mama wenye watoto wachanga, tukasoma kwenye kadi zao za kliniki mimba ilikuwa na wiki ngapi siku walipoanza. Madodoso tukamkabidhi daktari. Uchambuzi aliufanya mwenyewe, na ikisiri akaiandika mwenyewe.

Ile ikisiri sasa ilikuwa mezani kwangu, aya moja iliyojaza ukurasa na kuvuka. Nilikuwa sijawahi kuisoma. Ilianza hivi: "Ni ukweli usiopingika kwamba mama ni nguzo ya familia na taifa kwa ujumla." Sentensi ya pili ilisema ziara za nyumbani ndizo suluhisho la kuchelewa kliniki. Ya tatu ilirudi kwenye barabara za Mazingara zisizopitika wakati wa masika. Kisha likaja jambo la wahudumu wa kujitolea, kisha shukrani kwa viongozi wa vijiji, kisha asilimia fulani iliyodondoka katikati ya sentensi kama kokoto kwenye wali, kisha ahadi ya kupima wingi wa damu katika awamu ijayo, kisha mama ni nguzo tena.

Nilichukua penseli nikafanya kama tulivyofundishwa chuoni. Kila sentensi niliiuliza: wewe unatueleza kwa nini tulianza, tulifanya nini, tulikuta nini, au tunasema nini kuhusu tulichokikuta? Pembeni nikaandika herufi moja. U kwa usuli, M kwa mbinu, T kwa matokeo, H kwa hitimisho. Sentensi isiyopata herufi niliikata. Nguzo ya familia ilikwenda, viongozi wa vijiji wakaenda, wingi wa damu ambao hatukuupima nao ukaenda. Sentensi iliyobeba mambo mawili niliipasua, kila kipande nikakipa herufi yake.

Ni kazi inayotuliza. Mchana nilikuwa nimepanga vipande vyote chini ya vichwa vyake, nikaanza kuvisoma kimoja baada ya kingine kutoka juu. Hapo ndipo nilipoliona.

Mbinu zilisema kata mbili. Matokeo yalikuwa ya kata moja.

Nilidhani nimeacha kipande. Nikarudi kwenye ile aya ndefu nikaitafuta Vugiri kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilitajwa mara moja tu, mwanzoni, kwamba utafiti ulifanyika "Mazingara na Vugiri". Baada ya hapo haikuonekana tena. Kwenye ile aya ndefu ungeweza kupita bila kugundua, kwa sababu barabara na masika na nguzo vilikufunika macho. Chini ya vichwa vinne haikuwezekana. Kata iliingia kwenye mbinu, haikutokea kwenye matokeo.

Nikaanza kuangalia vingine kwa jicho lile. Matokeo yalisema wanaoanza kliniki mapema Mazingara "waliongezeka". Waliongezeka kutoka wapi? Hatukupima kabla ya ziara kuanza, mimi nilikuwepo. Asilimia ilitajwa bila kusema ni ya akina mama wangapi. Na hitimisho lilisema ziara "zimepunguza matatizo wakati wa kujifungua". Nilipekua chini ya T kutafuta tulipouliza habari ya kujifungua. Hapakuwa na kitu. Hatukuwahi kuuliza.

Nilikumbuka akina mama wa Mazingara walioacha kazi za shamba wakakaa na mimi kibarazani, na wengine walioniuliza bila kuficha: hizi habari mnazichukua mnazipeleka wapi? Niliwajibu kwamba zitasaidia wengine. Na sasa swali lao nilikuwa nalo mimi.

Halafu nikawaza: kwa nini kazi hii amenipa mimi? Daktari aliandika yote mwenyewe bila kuomba msaada wa mtu. Leo sehemu ya kupanga ndiyo inayohitaji mkono wangu. Ikija kuulizwa baadaye Vugiri iko wapi, atasema nani? Atasema sista ndiye aliyeipanga.

Jumanne niliingia kwake nikajifanya nina swali dogo.

"Daktari, kwenye matokeo nimeikosa Vugiri."

Hakuinua kichwa. "Vugiri iache."

"Lakini kwenye mbinu ipo."

"Basi itoe kwenye mbinu pia."

Alisema kirahisi, kama mtu anayekuambia uondoe kiti njiani. Simu yake ilikuwa mezani, ikawaka, akaigeuza kifudifudi.

"Tukiitoa," nilisema, "hatuna cha kulinganisha. Hatuwezi kusema waliongezeka, wala hatuwezi kusema ni kwa sababu ya ziara."

Sasa aliinua kichwa. "Sista, nani amekutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Umeongea na mwenzako wa Vugiri?"

"Sijaongea naye tangu aondoke."

Alinitazama muda, na niliona wazi kwamba haamini. Ni jambo la ajabu kukaa mbele ya mtu unayemshuku, ukagundua naye anakushuku, tena kwa jambo usilolijua. "Andika nilivyokuambia," alisema mwishowe, "kisha unitumie kwenye anwani yangu binafsi. Siyo ile ya ofisi."

Niliitikia nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Mwenzangu alikuwa ameacha kazi ghafla baada ya madodoso kukusanywa. Tuliambiwa ana mambo ya kifamilia. Nilijua tu kwamba amefungua duka la dawa Old Korogwe, upande wa mto. Usiku ule nilijenga kisa kizima kichwani: akina mama wa Vugiri walianza kliniki mapema bila kutembelewa na mtu, kwa hiyo ziara zetu hazikuleta tofauti, daktari akaona aibu, akaifuta kata, mwenzangu akakataa kushiriki, akafukuzwa. Kisa kilikaa vizuri sana. Nilipoamka kilikuwa kimeshakuwa ukweli.

Jumatano mchana nilipanda bodaboda nikaenda. Duka lilikuwa dogo na safi, lina kaunta ya mbao na feni iliyokuwa ikizunguka taratibu. Aliponiona hakutabasamu.

"Karibu, dada. Amekutuma?"

"Nyote wawili mna neno moja," nilisema. "Hajanituma mtu. Amenikataza hata kupiga simu."

"Kwa hiyo umekuja kwa miguu yako kunipeleleza." Alimhudumia mteja aliyetaka dawa ya kikohozi, akamweleza namna ya kumpimia mtoto, akarudi. "Sema basi."

Niliitoa ile karatasi yenye herufi pembeni nikaiweka juu ya kaunta. Nilimwonyesha mbinu, nikamwonyesha matokeo. Alisoma polepole. Alipofika chini alirudi juu, akasoma tena, na nikaona midomo yake ikikaza.

"Amenifuta," alisema.

"Ameifuta Vugiri."

"Vugiri nilipanda mimi. Na ukungu ule, na matope yale, nyumba moja huku, nyingine bondeni. Ni mimi niliyefutwa."

Ndipo nikamwambia kisa changu: kwamba daktari ameficha kwa sababu matokeo ya kule hayakumpendeza. Nilitegemea aitikie. Alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Ungekuwa wewe ni hakimu, dada, watu wangefungwa wengi." Akavuta kigoda akakaa. "Unalikumbuka swali la mwisho mwisho kwenye dodoso? Nani alikushauri uende kliniki?"

Nililikumbuka. Mazingara walikuwa wakijibu: mhudumu, au mama mkwe, au hakuna.

"Basi kule Vugiri, tangu siku za mwanzo, nikawa napata jibu moja. Akina mama wa kikundi. Nauliza kikundi gani, naambiwa kuna akina mama, wameanzia kanisani, kisha na majirani zao Waislamu wakaingia. Wakisikia kuna mwenzao ana mimba wanakwenda kumwona, wanampelekea unga, wanamwambia wahi kliniki. Hakuna mradi, hakuna aliyewatuma. Wanafanya tu."

Nilishaelewa. Kata yetu ya kulinganishia, ile isiyotembelewa, ilikuwa inatembelewa.

"Ulimwambia daktari?"

Aliangalia nje, barabarani. "Ningemwambia siku ile ile tungesimama, tungetafuta kata nyingine. Niliogopa. Nilijua atauliza kwa nini hatukuchunguza kabla, na aliyetumwa kuikagua kata kabla ni mimi. Nikajaza madodoso yote, nikaandika majibu kama walivyonipa, sikubadilisha hata moja. Nikakabidhi nikanyamaza. Alipoanza kuchambua akaona. Akaniita."

"Akakufukuza."

"Hakunifukuza. Ndicho kilichoniuma. Hakugomba. Alisema tu, 'Tutaona la kufanya,' akafunga faili. Nikasubiri. Kila nikipita ananisalimia kwa heshima. Nikaona huyu mtu ananitafutia shimo. Nikaondoka kabla hajanisukuma."

Mto haukuonekana kutoka pale, ila harufu yake ya tope ilikuwa ikiingia na upepo. Nilimuuliza kama yuko tayari kuja ofisini kesho. Alisema hapana. Kisha akauliza saa ngapi.

Sikurudi nimetulia. Ningependa kusema hivyo, lakini sivyo ilivyokuwa. Njia nzima nilijiuliza kama amenieleza yote. Mtu aliyenyamaza mara moja anaweza kuendelea kunyamaza. Na hata kama anasema kweli, daktari alijua, na bado alitaka Vugiri itoke mpaka kwenye mbinu, na bado aliacha lile neno "waliongezeka".

Alhamisi asubuhi mwenzangu alifika amevaa kama anakwenda kwenye usaili. Daktari alimwona mlangoni, akasimama. Walisalimiana, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za duka, kila mmoja akiogopa salamu zisije zikaisha. Nikafunga mlango mimi.

"Daktari," nilisema, "nimeongea naye. Ulinikataza, lakini nimeongea naye. Siwezi kupanga kitu ambacho hakipo."

Nilitegemea hasira. Alikaa, akavua miwani, akaifuta na pindo la shati kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani.

"Ningeandika Vugiri," alisema, "ningelazimika kuandika kwa nini haifai. Kila mtu hapa mjini anajua nani alikwenda Vugiri. Huyu binti ningemharibia. Asingepata tena kazi ya utafiti kwa mtu yeyote."

"Kwa hiyo ulikuwa unanisaidia?" mwenzangu aliuliza. Sauti yake ilipanda. "Mimi nimekaa Old Korogwe nikijua unanichimba!"

"Na mimi nilijua umeondoka ili ukaniseme."

Nilimtazama daktari, na sitaficha, sikumwamini kikamilifu. Maelezo yake yalikuwa mazuri mno. Mtu akimlinda mwenzake na wakati huo huo anapata ikisiri inayopendeza, utajuaje kipi kilimsukuma zaidi? Nikamuuliza hivyo hivyo.

"Na 'waliongezeka', daktari? Hilo nalo ulikuwa unamlinda nani?"

"Hilo," alisema, "nililipenda tu."

Hilo ndilo jibu lake la kwanza nililoliamini.

Tulivuta viti. Niliweka kompyuta katikati ya meza ambapo wote tunaiona, nikaandika vile vichwa vinne vitupu.

Usuli ulikuwa rahisi. Sentensi ya tatizo, sentensi ya kisichojulikana, sentensi ya lengo: kulinganisha muda wa kuanza kliniki kati ya kata yenye wahudumu wa kutembelea nyumba na kata isiyo nao. Daktari alijaribu kurudisha nguzo ya familia. Mwenzangu akamwambia nguzo itakula maneno.

Kwenye mbinu tuliandika tulichofanya na si zaidi: kata zipi, akina mama gani, waliteuliwa vipi, tulisoma wiki za mimba kutoka wapi, tuliuliza nani aliwashauri, tulilinganisha vipi. Pale tuligombana. Daktari alitaka habari ya kikundi cha Vugiri iingie hapo, kama maelezo ya mahali. Ilielekea kuwa na mantiki. Pia, nilifikiri kwa wasiwasi wangu, ingejificha vizuri.

"Hapana," mwenzangu alisema. "Hatukuipanga. Tuliikuta. Nimeiuliza kwa dodoso, nimejibiwa, nimeandika. Hiyo ni matokeo."

Daktari alifikiri. "Ikikaa kwenye matokeo, kila mtu ataiona."

"Ndiyo."

Alimtazama mwenzangu, si mimi. "Na jina lako litakuwa juu yake."

"Liwe."

Alifungua faili la uchambuzi mbele yetu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona. Nilijikuta nikikagua namba za Mazingara nikizifananisha na zile nilizokuwa nazo kichwani, kijiji kwa kijiji, nikitafuta kosa. Sikulikuta. Zilikuwa kama nilivyomkabidhi. Tuliandika idadi ya waliohojiwa katika kila kata, kisha waliowahi kati yao, kisha ukubwa wa tofauti na mipaka ya makadirio yake, yaani huenda ni ndogo kiasi gani na kubwa kiasi gani. Tofauti ilikuwa ndogo, na mipaka yake ilikuwa mipana kiasi kwamba hata kutokuwepo kwa tofauti kungeingia ndani. Sentensi iliyofuata ilisema kwamba Vugiri wengi wa waliowahi walitaja kuhimizwa na kikundi cha akina mama wa pale, jambo ambalo halikujulikana wakati kata inachaguliwa.

Daktari alisoma kwa sauti. Alipofika mwisho alipumua kama mtu aliyetua mzigo, au kama mtu aliyeona mzigo umeanguka ukavunjika. Sikuweza kujua ni kipi.

Hitimisho ndilo lililochukua muda. Kila tulichoandika kilikuwa kikubwa kuliko matokeo. Daktari aliandika ziara "zinasaidia", nikamwonyesha kwamba hatuna kata isiyotembelewa. Mwenzangu akaandika kikundi cha Vugiri "kinafanya vizuri kama wahudumu waliofundishwa", nikamwonyesha kwamba hilo nalo hatukulipima, tulilikuta tu. Aliniangalia kwa uchungu. Nadhani alitaka akina mama wake washinde. Mwishowe tuliandika kwamba katika kata zote mbili akina mama walitaja kuhimizwa nyumbani, kwamba utafiti wetu hauwezi kutenganisha mchango wa wahudumu na mambo mengine, na kwamba utafiti ujao upime kabla na baada, na kabla ya kuchagua kata ya kulinganishia uchunguze nani tayari anawatembelea wajawazito. Matatizo ya kujifungua hayakutajwa.

Niliuliza nani ataituma. Daktari alisema ataituma yeye. Mwenzangu na mimi hatukuinuka kwenye viti. Alituangalia, akaelewa. Akageuza kompyuta upande wetu, akabandika kila sehemu kwenye kisanduku chake mbele ya macho yetu, akabonyeza. Tulisubiri mpaka neno la kupokelewa likatokea. Alikwenda nje akawaita wauza machungwa, akarudi na yaliyomenywa, tukala tumesimama.

Ilikubaliwa, siyo kwa kuzungumza jukwaani bali kwa bango la ukutani. Kitabu cha kongamano kilipotoka nilikifungua ukurasa wetu nikasoma neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya mstari, nikitegemea kukuta "waliongezeka" limerudi. Halikuwemo. Ilikuwa kama tulivyoituma.

Kwenye kongamano, Morogoro, tulikwenda wote watatu. Watu wengi walipita mbele ya bango letu bila kusimama, maana lilikuwa linasema hatujui. Alasiri alisimama mama mmoja, mtafiti kutoka kanda ya ziwa, akasoma mpaka kwenye matokeo, akarudi kwenye mbinu.

"Mliliona lini hili la kikundi?" aliuliza.

Nilimwangalia daktari. Niliona mkono wake ukigusa tai, na nikawaza, sasa ndiyo sasa, atasema ni kosa la mtu wa uwandani. Alichukua hatua moja pembeni ili mwenzangu aonekane.

"Muulize yeye," alisema. "Yeye ndiye aliyelikuta."

Mwenzangu alieleza. Alianza kwa sauti ndogo, akaeleza hata kuchelewa kwake kusema, bila kujitetea wala kujilaumu mno. Yule mama alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mwisho akasema na wao waliwahi kuharibikiwa na kata ya kulinganishia kwa namna hiyo hiyo, ila hawakuwahi kuiandika mahali. Alisema hivyo akitazama sakafu.

Basi la kurudi lilituacha stendi ya Korogwe jioni. Mwenzangu alishuka wa kwanza akawahi kwake. Daktari na mimi tulibaki tukisubiri mizigo itolewe buti.

"Ulidhani nimeghushi," alisema.

"Nilidhani."

"Na sasa?"

Ningeweza kumpa jibu la adabu. Ni mtu mzima, na alikuwa amechoka. "Sasa nadhani ulikuwa na sababu mbili, daktari, moja nzuri na moja ya kwako. Sijui ipi ilikuwa kubwa."

Alichukua begi lake, akalifuta vumbi. "Hata mimi sijui, sista," alisema, akaniaga, akavuka barabara.

Mwenzangu amerudi kazini, duka analishika dada yake. Tunafanya utafiti mwingine sasa, na faili la uchambuzi liko mahali ambapo sote watatu tunalifungua. Daktari bado anafunga mlango akipigiwa simu. Bado nikiuona unafungwa nanyamaza kidogo nisikilize, kisha naendelea na kazi.